Kreatini wiki za mwisho kabla ya shindano: kuendelea au kuacha?

Shindano la pawalifting, ambako kila mnyanyuaji hupimwa na kushindana katika uzani wake, likikaribia, swali moja huzunguka kwenye jimu za Mbeya na Iringa kuhusu kreatini, unga ambao wanyanyuaji hunywa gramu chache kila siku ili misuli ihimili seti nzito: "Kocha, kreatini naiacha lini?" Mara nyingi anayeuliza ameshapewa jibu na mwenzake. Ameambiwa aache wiki moja kabla, maji yatoke mwilini, apande mizani akiwa mwepesi. Ushauri huo hutolewa kwa uhakika mkubwa, na wapo wanaoufuata shindano baada ya shindano. Lakini ukiupigia hesabu kwa gramu, haukai. Kwa wanyanyuaji wengi jibu sahihi ni kuendelea na dozi ile ile ndogo hadi siku yenyewe, na yule mwenye sababu ya kweli ya kuacha alipaswa kuamua mwezi mmoja hivi kabla, si wiki ya mwisho.

Tuanze na akiba yenyewe. Mtu wa kilo 70 ana takriban gramu 120 za kreatini mwilini, na karibu yote, asilimia 95 hivi, iko kwenye misuli. Kila siku kati ya asilimia 1 na 2 ya akiba hiyo huchakaa, hugeuka taka iitwayo kreatinini na kutoka na mkojo. Kwa mtu huyo ni kama gramu 2 kwa siku. Mwili hutengeneza karibu nusu ya kiasi hicho wenyewe, kazi inayofanywa hasa na figo na ini, na nusu nyingine hutoka kwenye nyama na samaki. Robo kilo ya nyama ya ng'ombe ina kama gramu 1. Ugali, maharage na parachichi havina. Ndiyo maana mnyanyuaji anayekula nyama mara moja kwa wiki huwa na akiba ndogo kuliko yule anayekula usipa wa Kyela au nyama kila siku, na ndiye anayeona mabadiliko makubwa akianza kutumia unga wa kreatini. Wapo ambao misuli yao imejaa tangu mwanzo. Hao huutumia na wasione kitu.

Akiba hii hufanya kazi kama kihenge. Ina ujazo wake, na ukishajaa, unachomimina juu yake humwagika. Utafiti wa Hultman na wenzake uliochapishwa mwaka 1996 ulionyesha mambo matatu yanayotosha kujibu karibu maswali yote ya wiki za mwisho. Kwanza, gramu 20 kwa siku kwa siku 6 zilipandisha kreatini ya misuli kwa karibu asilimia 20. Pili, gramu 3 tu kwa siku zilifika karibu kiwango hicho hicho baada ya siku 28, kwa hiyo kujaza kwa kasi si lazima kama una muda. Tatu, na hili ndilo linalotuhusu hapa, walioacha baada ya kujaza walirudi karibu na kiwango chao cha awali baada ya siku 30 hivi. Si siku 3 wala siku 7.

Sasa tuulize akiba hiyo inafanya nini ukiwa jukwaani. Misuli inapovuta chuma kwa nguvu zote hutumia ATP, nishati yake ya papo hapo, na ATP iliyopo huisha ndani ya sekunde chache sana. Fosfokreatini, yaani kreatini iliyohifadhiwa misulini ikiwa na fosfati, ndiyo inayoirudisha haraka, na yenyewe huweza kubeba kazi kubwa kwa takriban sekunde 8 hadi 10. Skwati moja ya shindano, tangu uanze kushuka hadi usimame, huchukua sekunde 4 au 5. Ile nzito kabisa inaweza kufika 8. Baada yake unakaa dakika kadhaa ukisubiri jaribio linalofuata, na muda huo unatosha fosfokreatini kurudi karibu yote. Maana yake ni kwamba siku ya shindano akiba ya ziada haipati nafasi kubwa ya kukusaidia. Hata mtu asiyetumia kreatini ana ya kutosha kwa rudio moja.

Faida yake ulishaivuna kabla, kwenye mazoezi. Seti ya marudio 5 inachukua sekunde 20 au zaidi, halafu unarudi kwenye seti ya pili, ya tatu, ya nne, na hapo ndipo asilimia 20 ya ziada inapoonekana: rudio la tano halikwami, seti ya nne haiporomoki. Wiki nane au kumi za namna hiyo ndizo zinazokuletea misuli na nguvu unazopeleka jukwaani. Jambo hili lina pande mbili, na naomba msomaji azishike zote. Ukikosa kreatini siku mbili za mwisho, kilo hazitapungua kwenye dedilifti yako. Lakini ukiiacha wiki 6 kabla, ukiwa bado kwenye seti nzito za marudio 4 na 5, unaikosa wakati ule hasa inapokufaa.

Turudi kwenye ushauri wa wiki moja. Tumchukue mnyanyuaji wa kilo 84 ambaye ametumia gramu 5 kwa siku kwa miezi kadhaa. Akiba yake ya kawaida ingekuwa gramu 140 hivi. Sasa tuseme ana 165. Ziada ni gramu 25. Anapoacha, mwili wake unaendelea kupoteza kama gramu 2.5 kwa siku, na bado unapokea gramu 1 hivi kutoka kwa utengenezaji wake wenyewe na nusu gramu hadi gramu 1 kutoka kwenye chakula. Upungufu halisi ni kama nusu gramu hadi gramu 1 kwa siku. Kwa siku 7 atakuwa amepoteza gramu 4 hadi 7, yaani robo ya ziada yake kwa makadirio ya juu.

Na uzito je? Alipoanza kutumia alipanda labda kilo 1 hadi 1.5 katika wiki za kwanza, kwa sababu kreatini inapoingia kwenye misuli huvuta maji pamoja nayo. Robo ya uzito huo ni kati ya gramu 250 na 375, kama bilauri moja ya maji. Uzito wa asubuhi wa mtu yeyote hupanda na kushuka zaidi ya hapo kati ya Jumatatu na Jumanne, kutegemea chumvi aliyokula, kama amekwenda haja, na alilala saa ngapi. Anayesema "niliacha wiki moja nikashuka kilo mbili" huenda alishuka kweli, lakini wiki ile ile alipunguza ugali, alipunguza chumvi na mazoezi yake yalipungua. Kreatini ilibeba sifa ambazo si zake.

Kwa hiyo kuacha wiki ya mwisho hakukupi uzito wa maana, na wala hakukuondolei nguvu za maana. Kwa nini basi nasema endelea? Kwa sababu wiki ya mwisho ni wiki ya kutobadilisha kitu. Umeshapunguza wingi wa mazoezi, chuma kizito cha mwisho cha dedilifti ulishakivuta siku 8 au 10 kabla, na unachotaka ni mwili unaoujua. Mizani ikisogea wiki hiyo unataka kujua kilichoisogeza. Ukiwa umeacha kreatini, umebadilisha chakula na umesafiri, vyote ndani ya siku tano, hutajua.

Yupo mnyanyuaji mwenye haki ya kufikiria kuacha: yule aliyekwama kilo moja na nusu hivi juu ya uzani wake, ambaye hana mafuta ya kupunguza, na ambaye anapimwa saa 2 kabla ya kuanza. Kanuni za IPF, shirikisho la kimataifa la pawalifting, ndivyo zinavyosema, upimaji haufanyiki mapema zaidi ya saa 2 kabla, nao hudumu saa moja na nusu. Muda huo ni mfupi mno kurudisha maji uliyojikausha. Ukijitoa jasho asilimia 2 au 3 ya uzito wako usiku, utaingia kwenye skwati ukiwa na kichwa chepesi na mgongo usioshika. Huyu anaweza kuacha wiki 4 hadi 5 kabla, wakati programu imeshashuka kwenye marudio 1 hadi 3 na kreatini haina kazi kubwa kama mwanzo, akategemea kwamba sehemu ya maji itaondoka. Lakini ajue anachonunua: labda kilo 1, labda nusu, na kama ametumia miaka miwili, uzito mwingi aliouongeza tangu wakati huo ni misuli na hautaondoka kwa kuacha unga. Binafsi ningemwambia apande uzani wa juu kabla sijamwambia hivyo. Shindano linalopima siku moja kabla ni habari nyingine, kwa kuwa kuna usiku mzima wa kula na kunywa. Huko hakuna sababu yoyote ya kuiacha kreatini.

Tufanye mfano mmoja hadi mwisho. Mnyanyuaji wa Mwanjelwa, Mbeya, anashindana Jumamosi jijini Dar es Salaam katika uzani wa 83. Wiki 5 kabla, wastani wake wa asubuhi kwa siku saba, baada ya choo na kabla ya kula, ni kilo 84.3. Anatumia gramu 5 za kreatini kila siku. Ana kilo 1.3 za kutoa.

Kreatini haigusi. Anachofanya kwanza ni kupunguza chakula kidogo, kama kalori 350 kwa siku: donge la ugali la usiku linapungua kwa theluthi, chai ya maziwa inanywewa bila sukari na bila chapati ya pili. Nyama, mayai na samaki vinabaki kama vilivyo. Kwa mwendo huo anashuka gramu 300 hivi kwa wiki, na baada ya wiki 4 anasimama karibu na kilo 83.1, bila seti hata moja kuharibika. Hapo anabakiwa na wiki moja na gramu 100 za ziada, na bado anataka nafasi ya kupumua, kwa kuwa mizani ya kwenye jimu na mizani ya waamuzi si ndugu.

Nafasi hiyo anaipata tumboni. Kuanzia Jumatano anaacha vyakula vyenye makapi mengi: maharage, mboga za majani, ugali wa dona, ndizi, parachichi. Badala yake anakula wali mweupe wa Kyela, mayai, samaki asiye na mchuzi mzito, mkate mweupe na asali. Kalori hazipungui, kinachopungua ni mzigo unaosubiri kwenye utumbo. Kwa siku tatu watu wengi hushuka karibu nusu kilo kwa njia hii, na haigusi nguvu. Chumvi anaiacha katika kiwango chake cha kawaida, kwa sababu kuikata ghafla na kuirudisha ghafla huleta vurugu kuliko faida.

Alhamisi anapanda basi. Kutoka Mbeya hadi Dar ni zaidi ya kilomita 800, siku nzima ya kukaa, na hapa ndipo mipango mingi huharibika. Abiria hujinyima maji ili asihitaji choo, basi likisimama ananunua chipsi na nyama choma yenye chumvi nyingi, akifika usiku miguu imevimba na mizani inasema kilo 84. Hofu inaanza, na mtu wa kwanza kulaumiwa ni kreatini. Mnyanyuaji wetu amebeba wali na mayai ya kuchemsha kwenye hotipoti, anakunywa maji kidogo kidogo njia nzima, na kila basi linaposimama anashuka kutembea. Kreatini yake iko kwenye kopo lake lenye lebo, si kwenye mfuko wa nailoni usio na jina. Unga mweupe usio na jina kwenye begi la msafiri huleta maswali yasiyo ya lazima, na kopo lenye lebo ndilo utakaloonyesha ukiulizwa na wapima dawa.

Ijumaa asubuhi anasoma kilo 82.8. Anakunywa gramu zake 5 na chakula cha mchana kama kawaida. Kuhofia kwamba kreatini na joto la Dar vitamletea mkakamao wa misuli hakuna msingi. Tafiti zilizowafuatilia wanamichezo kwenye joto hazikuona hivyo. Joto lenyewe ndilo la kuangaliwa, hasa kwa mtu aliyezoea ubaridi wa Mbeya: atatoka jasho zaidi, kwa hiyo anywe zaidi. Jumamosi anapimwa kilo 82.6, anakula wali na asali, anakunywa maji yenye chumvi na sukari, na kama tumbo limetulia anachanganya gramu 3 hadi 5 za kreatini humo. Kama tumbo lina wasiwasi, anaiacha. Dozi ya siku hiyo haitafika misulini kwa wakati wa kusaidia skwati, na kuikosa hakuharibu kitu.

Hatari halisi ya wiki za mwisho iko upande mwingine kabisa, kwa anayeanza. Mtu hajawahi kutumia kreatini, zimebaki siku 10, mwenzake anamwambia apige gramu 20 kwa siku ili aingie "amejaa". Atapanda kilo 1, pengine 2, ndani ya wiki moja. Kama yuko karibu na mpaka wa uzani wake, ameshajitoa mwenyewe. Kama hayuko karibu, bado hajapata kitu kikubwa, kwa sababu muda wa mazoezi ambao ungegeuza akiba hiyo kuwa nguvu umekwisha. Juu ya hayo, gramu 10 zikinywewa kwa mkupuo huwasumbua wengi kwa kuharisha, na hakuna mkanda wa ngozi unaokaa vizuri juu ya tumbo linalounguruma. Anayeanza asubiri Jumatatu baada ya shindano, aanze na gramu 3 hadi 5, bila kujaza kwa kasi. Baada ya mwezi atakuwa amefika.

Dozi yenyewe ipime walau mara moja. Kijiko cha chai kilichosawazishwa na kile kilichorundikwa vinaweza kutofautiana karibu mara mbili, na unga wa kampuni moja ni mzito kuliko wa nyingine. Mizani midogo ya kidijitali wanayotumia wanunuzi wa dhahabu kule Chunya inasoma hadi sehemu ya gramu. Pima kijiko chako, jua kina gramu ngapi, halafu endelea nacho. Changanya na maji ya uvuguvugu, huyeyuka vizuri zaidi, na unywe papo hapo. Usiiache kwenye juisi usiku kucha, maana kwenye kimiminika chenye uchachu hugeuka kreatinini taratibu, na hiyo haikusaidii kitu.

Kuna namna rahisi ya kujua kama mizani inayopanda ni ya kreatini au la. Maji ya kreatini huingia mwanzoni, wiki ya kwanza ukijaza kwa kasi au mwezi wa kwanza ukienda taratibu, kisha husimama. Kihenge kimejaa. Kwa hiyo mtu aliye kwenye dozi ile ile kwa miezi, akipanda kilo 2 katika wiki tatu za mwisho, atafute sababu kwenye sahani yake, hasa kwa kuwa wingi wa mazoezi umepungua huku njaa ikibaki ile ile. Kwa wanawake, maji yanayokuja siku chache kabla ya hedhi yanaweza kuzidi kabisa gramu 250 hadi 375 tulizopigia hesabu. Mnyanyuaji wa uzani wa 63 ambaye tarehe zake zinaangukia wiki ya shindano apange nafasi ya kilo nzima mapema, na kreatini aiache mahali pake.

Kreatini haimo kwenye orodha ya vitu vilivyokatazwa na WADA, shirika la dunia la kupambana na dawa za kuongeza nguvu michezoni. Kinachoweza kukuponza ni kopo lililochanganyikana na kitu kingine kiwandani, na kanuni inakuwajibisha wewe kwa kila kinachokutwa mwilini mwako. Chagua kopo ambalo kiungo chake ni kimoja tu, kreatini monohaidreti, na ukiweza kupata lenye nembo ya Informed Sport au NSF Certified for Sport, hilo ndilo la kununua kwa msimu wa mashindano. Zile poda za "kuamsha" zenye viungo kumi na tano ndizo za kuogopa, hasa ukipewa kijiko na mtu chumba cha kupashia misuli.

La mwisho linahusu hospitali. Ukipimwa damu kabla ya shindano, kreatinini yako inaweza kusoma juu kidogo, kwa sababu una misuli mingi na akiba kubwa inayochakaa kila siku. Daktari asiyejua unachotumia anaweza kudhani figo zimeanza kuchoka. Mwambie unatumia kreatini, gramu ngapi na tangu lini, naye anaweza kuagiza kipimo kingine cha figo, cha sistatini C, ambacho hakiathiriwi na kreatini. Lakini kama ulishaambiwa una ugonjwa wa figo, usianze wala usiendelee bila daktari wako kukuruhusu, shindano liwe wiki ijayo au mwakani.